Tiketi inastahili kufungwa lini? Mwongozo kamili wa kuandika na kutumia kipimo cha kumaliza kazi

Katika timu nyingi za programu, neno «tayari» lina maana kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa mwandishi wa msimbo ni kwamba msimbo umeandikwa na majaribio yamepita. Kwa msimamizi wa seva ni kwamba toleo jipya limepandishwa. Kwa mhasibu aliyelalamika ni kwamba hesabu zake zinalingana tena. Mtu mmoja anapobadilisha hali ya tiketi, yaani rekodi ya kazi au kasoro iliyoripotiwa, kuwa Closed, watu hao watatu wanasoma mambo matatu tofauti, na atakayeumia ni yule aliyesubiri jambo la mwisho. Kipimo cha kumaliza ni makubaliano yaliyoandikwa kabla ya kazi kuanza, yanayosema nini kitakuwa kweli siku tiketi itakapofungwa na nani atakithibitisha.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kipimo cha kumaliza kikielezwa hewani kila mtu hukubali, na ugumu hujitokeza kwenye kazi yenyewe. Tuseme kuna mfumo wa shule nchini Kenya unaopokea karo kwa M-Pesa. Mzazi analipa kwa Paybill, anaandika namba ya usajili ya mtoto kama namba ya akaunti, na seva ya shule inapokea taarifa ya malipo yenye `TransID` ambayo ni namba ya muamala, `TransAmount` ambayo ni kiasi, na `BillRefNumber` ambayo ni namba ya akaunti. Mhasibu wa shule anafungua tiketi namba 214: «Malipo yanaingia mara mbili. Rekebisheni.» Mzazi aliyelipa shilingi 12,000 anaonekana amelipa 24,000, na mtoto mwenye deni anaonekana hana.

## Hatua ya 1: Andika hali itakayokuwepo, kabla mtu hajagusa msimbo

«Rekebisheni» ni agizo, na agizo halina mwisho unaoweza kupimwa. Kaa na aliyefungua tiketi mgeuze agizo hilo kuwa sentensi zinazoeleza hali ya mambo baada ya kazi. Kwa tiketi 214, rasimu ya kwanza ingekuwa hivi: kila `TransID` inaonekana mara moja tu kwenye orodha ya malipo, salio za wanafunzi walioathirika zimerudishwa kuwa sahihi, mhasibu amelinganisha jumla ya siku na taarifa ya M-Pesa na zimelingana.

Sentensi ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwandishi wa msimbo huona kasoro kama kitu cha kuzuia kesho, ilhali mhasibu huona uharibifu uliokwisha kutokea jana. Kuzuia marudio mapya bila kusafisha yaliyopo huacha lalamiko lote mahali pake. Kwa kila tiketi ya kasoro inayogusa data, uliza waziwazi: data iliyoharibika tayari ni sehemu ya tiketi hii au si sehemu yake? Jibu lolote linakubalika alimradi limeandikwa.

Faida nyingine ya kuandika mapema ni kwamba aliyefungua tiketi anapata nafasi ya kukataa. Mhasibu akisoma «kila `TransID` inaonekana mara moja tu» anaweza kusema: hapana, kuna mzazi mwenye watoto wawili shuleni, analipa mara moja, nami nagawa malipo hayo kwa majina mawili. Kumbe namba moja kuonekana mara mbili wakati mwingine ni halali. Jambo hilo likigunduliwa sasa, linabadilisha sentensi tu: kila `TransID` ina mstari mmoja kwenye jedwali la malipo, na ugawaji kwa wanafunzi unakaa kwenye jedwali lake. Likigunduliwa baada ya tiketi kufungwa, mfumo utakuwa umeanza kumkatalia mhasibu kazi yake ya kila siku.

## Hatua ya 2: Tenganisha kipimo cha timu na masharti ya tiketi

Haya ni matabaka mawili, na kuyachanganya ndiko kunakozaa orodha ndefu zisizosomwa na mtu. Kipimo cha timu kinahusu kazi zote: msimbo umekaguliwa na mtu mwingine, majaribio ya mashine yanapita, toleo liko kwenye seva inayotumiwa na wateja, na namna ya kulirudisha nyuma inajulikana. Masharti ya tiketi yanahusu kazi hii tu, kama yale matatu ya mhasibu. Ili kufungwa, tiketi inahitaji yote mawili.

Wanaofuata Scrum, utaratibu wa kupanga kazi za timu, wana kanuni ngumu hapa. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unasema kipengee kisichotimiza kipimo cha kumaliza hakiwezi kutolewa kwa wateja wala hata kuonyeshwa kwenye kikao cha kupitia kazi. Kinarudi kwenye orodha ya kazi zinazosubiri. Hakuna «asilimia 90 tayari». Naiunga mkono kanuni hiyo hata kwa timu zisizotumia Scrum, kwa sababu tiketi haina hali ya kufungwa nusu.

Kipimo cha timu kiwe kifupi. Mistari mitano au sita inatosha. Kila mstari unaoongeza utalazimika kutimizwa hata kwenye tiketi ya kubadilisha rangi ya kitufe, na watu wakianza kuruka mstari mmoja kwa sababu «haihusiki», wataanza kuruka na mingine.

## Hatua ya 3: Kila sharti liwe na ushahidi na mwenye kuutoa

«Imefanyiwa majaribio» si ushahidi. Nani amejaribu, wapi, ameona nini? Sharti zuri ni lile ambalo watu wawili wasiopatana wangeliangalia na kutoa jibu moja. Kwa sharti la kwanza la tiketi 214, ushahidi unaweza kuwa ulizo moja kwenye hifadhidata:

```sql
SELECT trans_id, COUNT(*)
FROM malipo
WHERE trans_id IS NOT NULL
GROUP BY trans_id
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Likirudi tupu, hakuna marudio. Hivyo ndivyo inavyoonekana, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Katika mfano wetu malipo huingia kwa njia mbili: taarifa inayokuja yenyewe kutoka M-Pesa, na faili la taarifa ya siku ambalo mhasibu hulipakia kila jioni ili kukamata malipo yaliyokosekana. Faili limepita kwenye programu ya majedwali, na baadhi ya namba zina nafasi tupu mwishoni. Kwa hifadhidata kama PostgreSQL, namba yenye nafasi na isiyo na nafasi ni namba mbili tofauti. Ulizo linarudi tupu, tiketi inafungwa, na mzazi bado ana 24,000.

Kwa hiyo ushahidi wenyewe upimwe kabla ya kuaminiwa: uendeshe kwenye data iliyoharibika, leo, kabla ya kurekebisha chochote. Ikiwa mhasibu amekuletea majina 17 ya wanafunzi walioathirika na ulizo lako linaonyesha malipo 11 tu, ulizo halijaona kasoro yote. Lisahihishe mpaka lifikie 17 zote:

```sql
SELECT UPPER(TRIM(trans_id)) AS namba, COUNT(*)
FROM malipo
WHERE trans_id IS NOT NULL
GROUP BY 1
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Kati ya mambo yote kwenye mwongozo huu, hili ndilo ninalolisisitiza zaidi. Kipimo kisichowahi kuonyesha «bado» hakiwezi kuaminiwa kinapoonyesha «tayari». Kanuni hiyo inahusu majaribio ya mashine pia: jaribio jipya la kasoro liendeshwe kwanza kwenye msimbo wa zamani, lishindwe, ndipo liendeshwe kwenye msimbo mpya.

Angalia pia kwamba tofauti kati ya 11 na 17 imefichua chanzo cha pili. Msimbo uliokuwa ukiandaliwa ulizuia taarifa inayorudiwa tu, na njia ya faili ingebaki wazi. Sharti la tiketi sasa linataja njia zote mbili kwa majina, na kila moja ina jaribio lake: tuma taarifa ileile mara mbili, uone mstari mmoja na jibu la kukubali mara zote mbili, kisha pakia faili lenye namba zilizokwisha kuingia, uone hakuna mstari mpya. Hilo la jibu la kukubali ni la lazima. Taarifa ya pili ikijibiwa kwa kosa, upande unaotuma utaelewa kwamba malipo hayakupokelewa, na utakuwa umebadilisha kasoro moja kwa nyingine.

## Hatua ya 4: Panga mfuatano wa masharti

Masharti mengine hayawezi kutimizwa kwa mfuatano wowote. Timu inataka hifadhidata yenyewe ikatae marudio, hata mtu akikosea msimbo mwakani:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX malipo_namba_moja
ON malipo (UPPER(TRIM(trans_id)));
```

Amri hii itashindwa ikiwa marudio bado yapo. Ukisafisha data kwanza kabla ya msimbo mpya kupanda, marudio mapya yataingia usiku huohuo. Mfuatano unaofaa ni msimbo mpya kwanza, kisha usafishaji, kisha kizuizi. Uandike hivyo kwenye tiketi, kwa sababu anayefanya usafishaji huenda si yule aliyeandika msimbo.

Usafishaji nao una sharti lake. Rekodi za fedha hazifutwi kimyakimya. Mstari wa ziada unahamishiwa kwenye jedwali la kumbukumbu pamoja na sababu na tarehe, na salio la mwanafunzi linasahihishwa kwa ingizo la kurekebisha ambalo mhasibu anaweza kumwonyesha mkaguzi. Kwenye kipimo, jambo hili linakuwa sentensi moja: «Kwa kila mmoja wa wanafunzi 17 kuna ingizo la marekebisho lenye namba ya tiketi 214.»

## Hatua ya 5: Weka pengo kati ya «imerekebishwa» na «imefungwa»

Mwandishi wa msimbo anajua mwisho wa kazi yake, na ana haki ya kusema amefika. Kinachohitajika ni hali ya kati ya kusemea hivyo. Mfumo wa tiketi wa Redmine unakuja na Resolved na Closed kama hali mbili tofauti. Bugzilla ina RESOLVED, kisha VERIFIED baada ya mwingine kuthibitisha. Kwenye Jira unaweza kuongeza hali hiyo kwenye mtiririko wa kazi na kuzuia mpito wa kuingia Closed usifanywe na aliyepewa kazi. Jina lolote linafaa, alimradi maana iwe moja: upande wangu nimemaliza, sasa ushahidi uangaliwe.

Nani afunge? Kwa maoni yangu ni aliyefungua tiketi, au mtu aliyeteuliwa kwa jina kwa niaba yake. Wateja wengi wa ndani, kama mhasibu wetu, hawana akaunti kwenye Jira na hawataki kuwa nayo. Basi mwenye tiketi ampigie simu au amwandikie, apate jibu, na alibandike jibu hilo kwenye tiketi. Asipojibu, kuwe na muda uliokubaliwa, kwa mfano siku 5 za kazi na ukumbusho mmoja katikati, ndipo tiketi ifungwe kwa maelezo kwamba uthibitisho haukupatikana. Muda huo usitumike kwa tiketi za fedha, kwani kwa hizo ukimya si ridhaa.

Kuna mtego wa kifundi unaofuta pengo hili bila mtu kukusudia. GitHub hufunga tiketi yenyewe pale PR, yaani ombi la kuunganisha msimbo, yenye maneno kama haya inapounganishwa kwenye tawi kuu:

```
Fixes #214
```

Wakati huo msimbo huenda haujafika kwenye seva ya wateja, na data bado ni chafu. Kwa timu ambayo kuunganisha na kupandisha ni vitu viwili tofauti, andika `Refs #214`, ambayo huunganisha bila kufunga, au zima ufungaji huo kwenye mipangilio ya hazina ya msimbo. Tumia `Fixes` kwa kazi ambazo kwa kweli huisha pale msimbo unapounganishwa, kama marekebisho ya nyaraka.

## Hatua ya 6: Chagua muda wa kuangalia kwa kufuata mzunguko wa tatizo

Watu husema «tuiache wiki moja tuone». Kwa nini wiki? Jiulize tukio lililoleta kasoro hutokea lini tena. Faili la tiketi 214 hupakiwa kila jioni, na la Jumatatu hubeba malipo ya wikendi nzima. Muda mfupi unaojumuisha mambo yote mawili unatosha: mapakizo matatu, moja likiwa la Jumatatu, na kila jioni ulizo linarudi tupu. Kasoro inayotokea kwenye hesabu za mwisho wa mwezi haiwezi kuthibitishwa tarehe 12, hata ukisubiri wiki nzima.

Ikiwa mzunguko ni mrefu sana, kwa mfano siku za kufungua shule wakati wazazi wote wanalipa kwa pamoja, usiweke tiketi wazi miezi mitatu. Iga hali hiyo kwenye seva ya majaribio kwa kutuma taarifa nyingi kwa wakati mmoja, zikiwemo zinazorudiwa, ufunge kwa ushahidi huo, na ufungue tiketi ndogo ya ukaguzi yenye tarehe ya muhula ujao.

## Hatua ya 7: Amua kinachoweza kutolewa nje ya tiketi

Karibu kila kazi huacha mabaki. Wakati wa kurekebisha 214 imeonekana kwamba skrini ya kupakia faili haionyeshi mistari mingapi imerukwa. Je, tiketi isubiri? Swali la kuuliza ni hili: lalamiko la aliyefungua limeisha bila kitu hicho? Kama ndiyo, kifungulie tiketi yake, ziunganishe, na uendelee kufunga. Kama hapana, ni sehemu ya kazi hii hata kama kinachosha.

Kuwa mkali na mabaki ya aina moja: sharti lililoandikwa hatua ya 1 kuhamishiwa tiketi mpya siku ya kufunga. Kusafisha data ya wanafunzi 17 kukigeuzwa «tiketi ya baadaye», tiketi 214 itafungwa ikiwa na msimbo mzuri na malalamiko yaleyale. Sharti linaweza kuondolewa tu na yule aliyelikubali mwanzoni, na kukubali kwake kuandikwe.

## Hatua ya 8: Kufunga bila kufanya nako kuna kipimo chake

Tiketi inayorudia nyingine inafungwa baada ya kuunganishwa na ile ya kwanza, na baada ya maelezo yake mapya kuhamishiwa huko. Usipohamisha, wanafunzi sita ambao nafasi tupu iliwaficha wanaweza kupotea pamoja na tiketi iliyowataja. Tiketi ambayo timu imeamua kutoifanya inahitaji sababu na jina la aliyeamua. Ile iliyoshindikana kurudiwa inahitaji kuandikwa umejaribu nini: toleo gani, akaunti ya aina gani, hatua zipi. «Kwangu inafanya kazi» haimsaidii mtu atakayekutana nayo tena.

Kwenye Jira, tofauti hizi zinakaa kwenye sehemu ya Resolution, ambayo ni kitu tofauti na hali. Tiketi inaweza kuwa kwenye Done huku Resolution ikiwa tupu, na ripoti zinazotegemea sehemu hiyo zikaendelea kuihesabu kama haijatatuliwa. Kuzipata ni rahisi:

```
statusCategory = Done AND resolution IS EMPTY
```

Kosa la upande wa pili hutokea tiketi ikifunguliwa upya bila Resolution kufutwa: inaonekana imekatwa mstari kwenye orodha ingawa kazi inaendelea. Mpito wa kufungua upya uwekewe hatua ya kuifuta.

## Hatua ya 9: Andika maelezo ya kufunga

Maelezo haya yataonwa na mtu asiyekuwepo. Hayahitaji urefu. Kwa tiketi 214 yangesomeka hivi:

«Marudio yalitokana na njia mbili: taarifa iliyotumwa tena, na faili la jioni lenye nafasi tupu kwenye namba. Njia zote mbili zimezibwa katika toleo lililopandishwa Alhamisi. Wanafunzi 17 wamesahihishwa, kila mmoja ana ingizo la marekebisho. Mistari ya ziada iko kwenye jedwali la kumbukumbu. Kizuizi kwenye hifadhidata kimewekwa baada ya usafishaji. Ulizo la marudio limerudi tupu Ijumaa, Jumatatu na Jumanne. Mhasibu amelinganisha jumla za siku hizo tatu na taarifa ya M-Pesa, zimelingana. Jibu lake limebandikwa hapa chini. Haikujumuisha: onyesho la mistari iliyorukwa, tazama tiketi 221.»

Sentensi ya mwisho, ya kile ambacho hakikujumuishwa, ndiyo inayozuia mabishano mengi.

## Hatua ya 10: Kufungua upya, na kurekebisha kipimo

Sharti lilelile likivunjika, fungua tiketi ileile. Dalili ikifanana lakini chanzo kikawa kipya, kwa mfano mhasibu akiingiza kwa mkono malipo ya fedha taslimu mara mbili, fungua mpya na uiunganishe. Malipo hayo hayana `TransID`, na kizuizi chetu hakikuahidi kuyaona.

Mara moja kwa mwezi angalia zilizofunguliwa upya:

```
status CHANGED FROM "Closed" AFTER -30d
```

Soma kila moja utafute sharti ambalo lingeikamata. Tiketi mbili tatu zikirudi kwa sababu data ya zamani haikusafishwa, mstari wa kuuliza kuhusu data ya zamani uhamie kwenye kipimo cha timu. Mstari ambao kwa miezi mingi haujazuia tiketi yoyote kufungwa kabla ya wakati, uondoeni.